Mti wa ujuzi na kada zisizobadilika: je, mti unatoa uhuru, au ni kada ileile inayochelewa kujitangaza?

#1 Nyuki_Mweusi

Habari za jioni wanajukwaa.

Nina hoja ambayo nimekaa nayo miaka mingi. Tunapozungumzia gemu za kujenga mhusika, huwa tunasema kuna njia mbili: ile ya kada, ambapo unachagua kuwa shujaa wa upanga au mchawi na gemu inakupa uwezo wako leveli kwa leveli kwa orodha iliyopangwa tangu mwanzo, na ile ya mti wa ujuzi, ambapo kila leveli unapewa pointi na wewe mwenyewe unaamua uiweke kwenye tawi gani. Tunasema ya kwanza inafunga na ya pili inafungua. Mimi sikubaliani na maneno hayo, na sababu yangu ni Diablo II.

Mwaka 2005 nilimjenga Sorceress wa kwanza bila kusoma mwongozo wowote. Nilifika Hell, ngazi ya mwisho ya ugumu, nikiwa leveli 60, nikiwa nimetumia pointi 67, yaani 59 za leveli na 8 za kazi za hadithi katika Normal na Nightmare, ngazi mbili za kabla yake. Nilizigawa kwenye ujuzi 12, na hakuna hata mmoja uliozidi pointi 8. Nilikuwa na moto kidogo, barafu kidogo, radi kidogo. Kundi la kwanza la maadui wa Hell liliniua mara sita kwenye uwanja uleule, na wakati ule pointi ikishawekwa hairudi. Mhusika wa miezi mitatu alikuwa amekwisha, na kosa lilikuwa limeanza leveli ya kumi na kitu bila mimi kuliona.

Kada isiyobadilika isingeniacha nifanye kosa lile. Kwa hiyo nauliza: tofauti ya kweli kati ya mifumo hii miwili iko wapi? Mimi nadai kwamba mti ni kada iliyochelewa tu, na anayebeba gharama ya kuchelewa huko ni mchezaji.

#2 Jembe_la_Kale

Kaka Nyuki, kosa la mpishi mmoja halifanyi jiko kuwa baya. Historia iko wazi. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974 ilikuwa na kada tatu, mpiganaji, mchawi na mwizi, na ukishachagua umechagua. Gemu za kompyuta zikarithi hali hiyo. Diablo ya kwanza ya mwaka 1996 nayo ilikuwa hivyohivyo, kila mtu na uwezo wa kada yake. Diablo II ikaja mwaka 2000 na miti, na tangu hapo mchezaji akawa huru. Sorceress wako na Sorceress wangu wanaweza wasifanane kwa chochote zaidi ya sura. Huo ni uhuru, hata kama uhuru unaruhusu kupotea.

#3 Kiroboto

Samahanini wakubwa, mimi ndiyo kwanza naanza. Nichague Sorceress au Paladin? Nimeshaanza na Sorceress, niko leveli 14.

#4 Shungwaya

Kiroboto, endelea naye huyohuyo, tutakurudia.

Ndugu Jembe, hoja yako ina nguvu lakini mifano miwili imekaa vibaya, na ule wa pili unageuza hoja yenyewe. Kwanza, kada tatu za mwaka 1974 zilikuwa mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975 kwenye kitabu cha nyongeza cha Greyhawk.

Pili, na hili ndilo kubwa, Diablo ya kwanza haikuwa na ukuta unaousema. Kulikuwa na Warrior, Rogue na Sorcerer, lakini uchawi ulijifunza kwa kusoma vitabu vilivyookotwa shimoni, na kitabu hakikuuliza kada yako. Kilichouliza ni kiasi chako cha Magic. Warrior angeweza kusoma kitabu cha Firebolt na kurusha moto. Tofauti yake na Sorcerer ilikuwa dari: Magic ya Warrior iliishia 50 kwa pointi zake mwenyewe, ya Sorcerer ilipanda hadi 250. Kada ilikuwa mteremko, si ukuta.

Sasa angalia Diablo II. Kila kada ilipewa ujuzi 30 katika kurasa tatu za ujuzi kumikumi, na ujuzi huo ni wake peke yake. Barbarian hatapanda kamwe tawi la Fire Ball, hata akifika leveli 99. Kwa hiyo siku miti ilipoingia, ndiyo siku kuta za kada zilipojengwa juu zaidi. Mti haukuivunja kada, uliwekwa ndani yake. Anayeilinganisha miti na kada kana kwamba ni vitu viwili vinavyopingana, analinganisha chumba na nyumba.

#5 Jembe_la_Kale

Asante kwa kunisahihisha kuhusu kasisi, na kuhusu vitabu vya Diablo ya kwanza nilisahau kabisa. Lakini "kamwe" yako nayo ina tundu. Toka toleo 1.10 kuna vazi la Enigma, linalotengenezwa kwa herufi za Jah, Ith na Ber, na yeyote anayelivaa anapata Teleport, ambayo ni ujuzi wa Sorceress. Nimemwona Barbarian akiruka kuta kwa Teleport kwa macho yangu.

#6 Shungwaya

Kweli, na napokea. Hata hivyo ona ulikoipata hiyo Teleport: kwenye nguo, si kwenye mti.

#7 Dafina

Naomba niingie kwa hesabu, kwa sababu hapa tunazungumza kana kwamba pointi ni nyingi.

Mhusika akifika leveli 99 anakuwa amepata pointi 98. Kazi za hadithi zinampa 12, yaani nne kwa kila ngazi ya ugumu: moja ya Den of Evil, moja ya Radament, mbili za Izual. Jumla 110. Ujuzi ni 30 na kila mmoja unapokea hadi pointi 20, hivyo kuujaza mti wote kungehitaji 600. Una chini ya moja ya tano ya mti, na hiyo ni kama umefika leveli 99, ambako wengi wetu hatufiki.

Tumchukue Sorceress anayeishi kwa Blizzard. Ujuzi huu unafunguka leveli 24, na ili uufikie lazima uwe na pointi kwenye Ice Bolt, Ice Blast, Glacial Spike na Frost Nova. Hadi mwaka 2003 pointi hizo zilikuwa ushuru wa njiani tu: unaweka moja moja, unapita, na ujuzi wa chini hauugusi tena. Ndiyo maana wachezaji wengi wa enzi zile walitembea na pointi mkononi bila kuzitumia, wakivumilia udhaifu hadi matawi ya juu yafunguke. Mti ulikuwa unawaadhibu waliocheza na kuwatunza waliongoja.

Toleo 1.10 likaja mwaka huo wa 2003 na kubadilisha jambo moja: ujuzi wa chini ukaanza kuupa nguvu wa juu. Kila pointi ya Ice Bolt, Ice Blast na Glacial Spike inaongeza asilimia 5 kwenye madhara ya Blizzard. Ukiweka 20 katika kila mmoja, hiyo ni asilimia 300 juu ya msingi, yaani dhoruba yako inakuwa na nguvu mara nne ya msingi wake, na karibu mara tatu na nusu ya ile ya mtu aliyepita njiani kwa pointi moja moja. Kwa tatizo lile la kungoja-ngoja, dawa ilikuwa nzuri sana. Pointi ya leveli 2 haikuwa tena pointi iliyopotea.

Lakini sasa jumlisha. Ujuzi minne kwa pointi 20 ni 80. Frost Nova moja. Telekinesis na Teleport mbili, kwa sababu hakuna anayetaka kutembea kwa miguu. Warmth moja. Tumefika 84. Katika leveli 75 una pointi 86, kwa hiyo zilizobaki kwa ajili ya maamuzi yako binafsi ni mbili, na hizo nazo karibu kila mtu anaziweka Cold Mastery. Nadhani hapa ndipo kaka Nyuki ana haki. Baada ya 2003 kada za kweli za Diablo II si Sorceress na Paladin tena. Ni "wa Blizzard", "wa Frozen Orb na Meteor", na wenzao. Hazijaandikwa popote kwenye skrini, na hilo ndilo tatizo lake.

#8 Mpiga_Mishale

Mnazungumzia mti ulio ndani ya kada. Ipo gemu ya mti bila kada. Skyrim ya mwaka 2011 iliondoa kabisa kada zilizokuwepo kwenye Morrowind na Oblivion. Ujuzi ni 18, kila mmoja una mti wake, na unapanda kwa kuutumia. Ukipiga upinde, upinde unakua. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani.

Nitasema yaliyonipata. Nilipenda uhunzi. Nilikaa mjini nikitengeneza visu vya chuma mfululizo, nikaviuza, nikapandisha Smithing na Speech. Leveli yangu ikapanda kwa kasi, kwa sababu pale kila ujuzi unaopanda unasukuma leveli ya mhusika, uwe wa vita au wa sokoni. Nikatoka nje ya mji nikakuta majambazi wamepanda nami, wakati upanga wangu ulikuwa bado wa siku ya kwanza. Mhunzi hodari, mpiganaji mchanga. Hakuna kada iliyonifunga, na nikafa palepale.

Baadaye nikaanza upya mara tatu nikiwa na nia ya kuwa mtu tofauti kila mara, na mara zote tatu nikaishia kuwa mtu anayenyemelea gizani na upinde. Nimekuja kujua kwamba wachezaji wengi huishia hapohapo. Kwa hiyo hata bila kada, mkondo unakupeleka kwenye kada. Ila kwa maoni yangu sababu yake si pointi chache kama asemavyo Dafina, kwa kuwa Skyrim haina uhaba wa pointi kiasi hicho. Sababu ni kwamba pigo la kunyemelea linalipa kuliko mengine.

#9 Binti_Athi

Hamjambo. Nyote mmehesabu mtu mmoja na skrini yake. Mimi nacheza mezani, watu watano, kete na karatasi, na huko swali linakuwa lingine kabisa.

Kada mezani ni ahadi. Ninaposema nitakuwa kasisi, wenzangu wanne wanajua kuna atakayewaponya, na kila mmoja anapanga maisha yake kwa kuitegemea ahadi hiyo. Mpiganaji wa toleo la tano la D&D, lile la mwaka 2014, anapata pigo la pili leveli 5, na sisi wote tunajua atalipata leveli 5. Hakuna haja ya kumuuliza.

Kuna mwaka kikundi chetu kilihamia GURPS, mfumo wa tangu 1986 usio na kada wala leveli: unapewa pointi na unanunua uwezo wowote unaoutaka. Kila mtu alijenga nyumbani kwake. Tulipokutana Jumamosi, karatasi zilikuwa nzuri ajabu, kila mhusika alikuwa na maisha yake. Tulikuwa na wapiganaji watatu, mpelelezi mmoja, na mmoja aliyejaza lugha na historia. Saa ya pili mpiganaji wa kwanza alichomwa mkuki, tukatazamana, hakuna hata mmoja aliyenunua First Aid. Tulimbeba siku mbili za safari hadi kijijini.

Kwa hiyo kwangu mimi kada si kifungo cha mchezaji. Ni lugha ya kikundi. Mti unazungumza na mtu mmoja, kada inazungumza na meza nzima.

#10 Mwl_Rashidi

Nimesoma kwa makini. Mimi naona hii ni kama tahasusi za kidato cha tano. Aliyechagua PCM amechagua kada, masomo yake yamepangwa. Mti ungekuwa ni kumruhusu mwanafunzi achukue fizikia, Kiswahili na jiografia apendavyo. Wengi wangefurahi, lakini chuo kingewauliza baadaye.

#11 Dafina

Mwalimu, mfano wako unakaa vizuri hadi kwenye jambo moja. Mwanafunzi wa PCM anaambiwa siku ya kwanza ni vyuo gani vitampokea. Sorceress haambiwi na mtu kwamba Hell inamsubiri.

#12 Nyuki_Mweusi

Nashukuru wote. Dada Binti, hilo la ahadi sikuwa nimelifikiria. Lakini nadhani sisi sote tumepita juu ya jambo moja: ruhusa ya kurudi nyuma.

Diablo II ilikaa miaka kumi bila ruhusa hiyo. Ilikuja na toleo 1.13 mwaka 2010: ukimaliza Den of Evil, mhusika wa gemu aitwaye Akara anaweza kukurudishia pointi zote, mara moja kwa kila ngazi ya ugumu, na zaidi ya hapo unakusanya vitu vya kukupa nafasi nyingine. World of Warcraft ilikuwa nayo tangu 2004 lakini kwa bei. Mara ya kwanza dhahabu 1, ya pili 5, kisha 10, ikipanda hadi kukomea 50. Wakati ule dhahabu 50 ilikuwa jasho la kweli, na watu waliokuwa wakiponya jioni na kupigana mchana waliilipa kila wiki.

Hoja yangu sasa inabadilika kidogo. Mti usio na njia ya kurudi ni kada iliyochelewa. Mti unaorudi bure si kada hata kidogo, ni vazi.

#13 Jembe_la_Kale

Umeitaja World of Warcraft, basi tazama ilikoishia. Mwanzo ulikuwa na pointi 51 hadi leveli 60. Mwaka 2010 miti ikapunguzwa hadi ya pointi 31, na ukawa umefungwa kwenye mti mmoja hadi umalize hizo 31 ndipo uguse mwingine. Mwaka 2012 miti ikafutwa kabisa, ukabaki mistari sita, kila mstari chagua kimoja kati ya vitatu. Watengenezaji walieleza kwamba watu walikuwa wananakili mgawanyo uleule. Lakini mwaka 2022 miti ikarudi na Dragonflight. Kama mti ungekuwa udanganyifu mtupu, kwa nini wachezaji waliulilia miaka kumi?

#14 Mpiga_Mishale

Kwa sababu kuweka pointi kunapendeza. Kila leveli unapata kitu mkononi. Hilo halithibitishi kwamba kuna uamuzi ndani yake.

#15 Shungwaya

Hapo sikubaliani, Mpiga_Mishale, na nitatumia Sorceress yuleyule wa Dafina kuonyesha uamuzi ulipo.

Katika Hell utakuta maadui ambao chini ya jina lao pameandikwa `Immune to Cold`. Kwa hao Blizzard yako ya pointi 80 ni sifuri. Cold Mastery inapunguza kinga ya barafu ya adui wa kawaida, lakini haivunji kinga iliyokamilika. Kuivunja kwa kawaida kunahitaji msaada wa nje, kwa mfano Necromancer mwenye Lower Resist au Paladin mwenye Conviction, na hata wao hawafanikiwi kwa kila adui. Sasa una njia tatu. Unakubali kuwapita hao kwa Teleport na kuwinda sehemu zisizo nao. Unamtegemea mamluki wako awamalize kwa mkuki. Au unaachana na dhoruba iliyojaa, unachukua Frozen Orb, ambayo inategemea kidogo sana ujuzi mwingine, na pointi zilizookolewa unajenga Meteor ya moto, ukilipa ushuru wa ujuzi mitano njiani, ili asiyeumia kwa barafu aumie kwa moto. Huyu wa tatu atapiga dhaifu kuliko wa kwanza kila mahali, lakini hatasimamishwa na karibu yeyote. Hakuna jibu moja sahihi. Linategemea kama unacheza peke yako au na wenzako, na hapo ndipo nakutana na Binti_Athi.

Na kosa la kaka Nyuki lilikuwa linaonekana mapema. Hesabu idadi ya mapigo unayohitaji kuua adui wa kawaida unapoingia kila sura. Kama yalikuwa mawili, yakawa manne, yakawa saba, na wewe kila leveli umeongeza pointi, basi pointi zinakwenda pasipofaa. Ukifika Hell ndipo ugundue, umechelewa sura kumi.

#16 Nyuki_Mweusi

Yalikuwa hivyohivyo. Nakumbuka Fire Ball nne kwa adui mmoja mwishoni mwa Nightmare, nikadhani tatizo ni fimbo yangu. Lakini nani angenifundisha kuhesabu mapigo? Aliyejua hilo alikuwa ameshaanguka kabla yangu.

#17 Dafina

Ndiyo maana nasema tofauti si uhuru na kifungo, ni mahali maarifa yanapokaa. Kwenye kada, maarifa ya nini kinaendana na nini ameyaweka mtengenezaji ndani ya orodha. Kwenye mti yako nje, kwa waliotangulia.

#18 Binti_Athi

Dafina, hilo ni kweli kwa Blizzard, si kwa meza yetu. Sisi tulikuwa na maarifa yote ya GURPS mezani. Tulichokosa ni kuulizana.

#19 Kiroboto

Wakubwa, mmesema mtanirudia. Leveli 14, nimeweka Ice Bolt 5, Warmth 1, Frost Nova 1, Telekinesis 1. Nina pointi 6 sijazigusa. Nizishike hadi leveli 24?

#20 Dafina

Usizishike, hiyo ni desturi ya kabla ya 2003. Ziweke zote Ice Blast leo. Gemu itakuruhusu, kwa sababu kila pointi ya ziada inadai leveli moja zaidi: Ice Blast inaanza leveli 6, hivyo katika leveli 14 inapokea hadi pointi 9. Kwa kanuni hiyohiyo Blizzard haitajaa kabla ya leveli 43, hata ungekuwa na pointi mia mkononi. Kushika hakutakuharakisha, na Ice Blast itakuvusha salama hadi huko.

#21 Jembe_la_Kale

Mwacheni kijana ajaribu moto pia. Akara yupo, atamrudishia.

#22 Shungwaya

Mara tatu tu bila kukusanya vitu, Jembe.

#23 Kiroboto

Nimerudi baada ya siku tano. Leveli 24. Ice Blast 14, Glacial Spike 1, Teleport 1, na leo nimefungua Blizzard kwa pointi 1. Kundi la watu saba lililokuwa linanikimbiza toka asubuhi nimelimaliza kwa dhoruba mbili. Sijamwendea Akara.

Ila nina swali kwa Binti_Athi. Binamu yangu anataka tucheze wawili, na yeye tayari ni Sorceress wa barafu kama mimi. Mmoja wetu abadilike, na kama ndiyo, tunaamuaje ni nani?